Risiti ya Tukuyu iliyosomeka Rujewa

Tarehe 6 Oktoba, kwenye saa nne asubuhi, nilipigiwa simu na mhasibu wa mkandarasi mmoja wa Tukuyu. Mimi nasimamia vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanjelwa, Mbeya, na mkandarasi huyo ni mteja wetu wa siku nyingi.

"Kaka, naandaa ritani ya VAT ya Septemba," akaniambia. "Risiti yenu ya zile nondo na saruji inanichanganya. Karatasi ninayo mkononi, jina ni letu na TIN ni yetu. Lakini nikiskani ile alama ya chini, inayotokea ni kampuni nyingine kabisa."

Nilimwomba anitumie picha ya karatasi na picha ya kile alichokiona kwenye simu. Zilipofika nikaelewa kwamba hapo kuna makosa mawili, na la pili ni baya kuliko la kwanza.

Kosa la kwanza lilitokea tarehe 27 Septemba. Dereva wa mkandarasi alifika na Fuso kuchukua mzigo: mifuko 400 ya saruji, nondo 200 za milimita 12 na mabati 100. Duka letu halitumii ile mashine ndogo ya mezani. Tunatumia programu ya kompyuta iliyounganishwa moja kwa moja na mfumo wa TRA, yaani VFD, na ndani yake kuna orodha ya wateja waliokwisha kununua. Keshia akiandika herufi tatu za mwanzo, majina yanajipanga naye anachagua. Sasa tuna wakandarasi wawili ambao majina ya kampuni zao yanaanza na neno lilelile, mmoja wa Tukuyu na mwingine wa Rujewa, kule Mbarali. Foleni ilikuwa ndefu na keshia akabonyeza wa Rujewa. Risiti ikafungwa, ikatumwa TRA na kurudi na namba yake ya uthibitisho. Kilichoingia kwenye mfumo kilikuwa hivi:

```
CUSTOMER NAME:     (kampuni ya Rujewa)
CUSTOMER ID TYPE:  TIN
CUSTOMER ID:       (TIN ya Rujewa)
TOTAL EXCL OF TAX: 14,000,000.00
TAX A-18.00%:       2,520,000.00
TOTAL INCL OF TAX: 16,520,000.00
```

Dereva alisoma jina kabla ya kuondoka, akairudisha karatasi dirishani. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa la pili. Keshia, kwa nia njema kabisa, aliingia kwenye orodha ya wateja, akabadilisha jina na TIN kwenye ile rekodi aliyokuwa ameichagua, kisha akachapisha risiti ileile upya. Programu ikatoa karatasi nzuri yenye jina la Tukuyu. Dereva akaridhika, akapanda gari kuelekea Uyole.

Jambo hili ni lazima lieleweke kwa sababu nimelikuta kwenye maduka mengine pia. Karatasi inayotoka kwenye printa si kumbukumbu ya TRA. Kumbukumbu ni ile data iliyotumwa wakati risiti inafungwa, na baada ya hapo hakuna kitu unachofanya kwenye kompyuta yako kitakachoifikia. Ukibadilisha jina la mteja kwenye programu unabadilisha daftari lako la ndani tu. Risiti iliyochapishwa upya inabaki na namba ileile ya uthibitisho, na ukiiingiza namba hiyo pamoja na muda wa risiti kwenye `verify.tra.go.tz`, au ukiskani alama yake kwa simu, unaletewa kile kilichotumwa mwanzo. Kwa hiyo mkandarasi wetu alikuwa ameshika karatasi inayosema jambo moja wakati mfumo unasema lingine. Afisa wa kodi akiikuta karatasi ya namna hiyo kwenye faili la mnunuzi, hana namna ya kujua kwamba ni keshia aliyekuwa akijaribu kusaidia. Ataona karatasi iliyobadilishwa, na atakuwa na haki ya kuuliza.

Kwenye mashine ya mezani hali ni hiyohiyo. Kitufe cha kufuta kinafanya kazi kabla ya kufunga risiti. Ikishatoka, imeshaandikwa kwenye kumbukumbu ya mashine na itahesabiwa kwenye ripoti ya Z, ile ya jumla ya mauzo ya siku hiyo. Kukata jina kwa kalamu na kuandika lingine, hata ukigonga muhuri wa duka juu yake, hakubadilishi chochote.

Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya simu ile ni kumwambia keshia aache kila kitu kama kilivyo. "Dada, usitoe risiti nyingine mpaka nifike," nikamwambia. Nilijua ambacho angekifanya baada ya kuambiwa kwamba kosa bado lipo: angetoa risiti mpya yenye jina sahihi, ile ya zamani akaichana, na jambo likaisha machoni pake. Kumbe kwenye mfumo duka lingekuwa limeuza saruji na nondo zile mara mbili, mara moja kwa Rujewa na mara moja kwa Tukuyu, na kodi ya mauzo ingekuwa 5,040,000 badala ya 2,520,000.

Nilipofika dukani mwenye duka alikuwa ameshapata habari. Ni mama mtu mzima, ameanza biashara kwa kuuza misumari kwa kilo, na hesabu anazijua kuliko wengi wenye vyeti.

"Sasa mwanangu, si tuiondoe hiyo risiti kwenye Septemba?" akaniuliza. "Ritani hatujapeleka. Tutoe mpya leo, tuihesabu Oktoba, basi."

Ni swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha kisa chote. Ritani ya VAT ya mwezi inawasilishwa hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo ya Septemba ilikuwa bado mikononi mwetu. Mauzo ya Septemba yalikuwa 62,000,000 bila kodi, na kodi ya mauzo 11,160,000. Manunuzi yenye risiti halali yalikuwa 53,000,000, na kodi ya manunuzi 9,540,000. Tulitakiwa kulipa tofauti yake, 1,620,000. Tungeitoa ile risiti ya 14,000,000, kodi ya mauzo ingeshuka hadi 8,640,000, chini ya kodi ya manunuzi, na badala ya kulipa tungekuwa na 900,000 ya kuvusha mwezi unaofuata. Unaona jinsi inavyovutia.

Lakini jiulize kilichokosewa ni nini hasa. Mzigo ulitoka stoo tarehe 27 Septemba. Fedha ziliingia benki siku hiyohiyo kutoka akaunti ya mkandarasi wa Tukuyu. Bei ni sahihi, idadi ni sahihi, kodi ni sahihi. Kilichokosewa ni jina la aliyenunua. Kwa sheria ya VAT, kodi inadaiwa pale linapotangulia kutokea mojawapo ya haya: kutolewa kwa ankara, kupokelewa kwa malipo, au kukabidhiwa kwa bidhaa. Kwetu yote matatu yalitokea Septemba. Hata kama risiti ile isingekuwapo kabisa, kodi ya 2,520,000 ingekuwa ya Septemba. Kuiondoa kungekuwa kuchelewesha kodi ambayo mama huyu ameshaikusanya kutoka kwa mteja, na juu yake ripoti zetu za Z za Septemba zingesema 62,000,000 huku ritani ikisema 48,000,000.

Nilimwambia: "Mama, mauzo ni ya kweli, jina ndilo la uongo. Septemba tuiache kama ilivyo tulipe. Marekebisho yatakaa Oktoba, na Oktoba hiyo hutalipa hata shilingi ya ziada."

Aliniangalia kidogo, akasema, "Nionyeshe hiyo Oktoba kwa kalamu." Nikamwonyesha, na hesabu hiyo nitaifikia.

Kabla ya kugusa chochote, kulikuwa na mtu wa tatu ambaye wengi humsahau. Kisa cha namna hii huonekana ni cha watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Lakini TIN iliyoingia kwenye risiti ni ya mtu, na mtu huyo sasa ana manunuzi ya 16,520,000 ambayo hakuyafanya. Yapo mambo mawili yanayoweza kumtokea. Huenda ameiona ile risiti kati ya manunuzi yake akaidai bila kuhakiki, na hapo atakuwa amejipunguzia kodi ya 2,520,000 isiyo haki yake. Au hajaidai, ila siku ya ukaguzi ataulizwa mifuko 400 ya saruji ilijengea nini, maana kwenye vitabu vyake haipo. Kwa vyovyote vile, sisi ndio tuliompelekea tatizo hilo nyumbani kwake, na haikuwa sawa alijue kutoka kwa afisa wa kodi.

Nikampigia mhasibu wa Rujewa. Alikuwa mkali mwanzoni, na alikuwa na sababu. "Mnanihakikishiaje kwamba mtaifuta? Mimi ndiye nitakayeulizwa." Nilimsomea namba ya uthibitisho akaihakiki mwenyewe akiwa kwenye simu. Kwa bahati nzuri alikuwa bado hajawasilisha ritani yake. Tulikubaliana aandike barua fupi yenye muhuri wa kampuni, kwamba hawakununua bidhaa hizo, hawakupokea mzigo, na hawajadai wala hawatadai kodi ya risiti hiyo. Mimi nami nilimwahidi nakala ya barua yetu kwa TRA ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Barua yake ilifika na basi kesho yake.

Angekuwa ameshaidai, utaratibu ungekuwa mrefu zaidi. Ingebidi kwanza arekebishe ritani yake na kuirudisha ile kodi. Sisi tukifuta huku yeye akiwa ameshadai, anabaki na dai linalosimama juu ya risiti iliyofutwa, na hilo litarudi kwake pamoja na riba. Ndiyo maana mimi humpigia mtu wa tatu kabla ya kutoa risiti mpya, hata mnunuzi halisi akinisumbua vipi kwa haraka yake.

Na mkandarasi wetu alinisumbua kweli. Alitaka risiti mpya siku ileile ili aidai kwenye ritani ya Septemba. Nilimweleza kwamba risiti mpya itabeba tarehe ya siku inapotolewa. Mfumo hauruhusu kuirudisha nyuma. Ili udai kodi ya manunuzi lazima uwe na risiti halali yenye jina lako, TIN yako na VRN yako, yaani namba ya usajili wa VAT, na kwa Septemba yeye hakuwa na risiti ya namna hiyo. Ataidai kwenye ritani ya Oktoba. Hatapoteza kitu kwa maana ya haki ya kudai, kwa sababu dai la kodi ya manunuzi lina miezi sita tangu tarehe ya risiti, lakini atakuwa amelipa 2,520,000 zaidi tarehe 20 Oktoba na kuipunguza tarehe 20 Novemba. Kwa mkandarasi anayesubiri malipo ya kazi, mwezi mmoja wa fedha hiyo unauma.

Aliomba punguzo la bei. Nilimshauri mama asikubali, na sababu haikuwa ubahili. Ukipunguza bei ya mauzo yaliyokwisha kutolewa risiti unafungua marekebisho mengine kabisa, ya thamani na ya kodi, juu ya yale ya jina. Karatasi zingechanganyikana na afisa angeshindwa kujua kinachorekebishwa ni kipi. Mama akaja na lake: mkandarasi alikuwa na deni la mzigo mwingine lililotakiwa kulipwa mwisho wa Oktoba, akamsogezea hadi mwisho wa Novemba. Wakapeana mikono kwa simu, kama wasemavyo, na mimi nikashukuru kwamba jambo halikugusa risiti.

Tarehe 8 Oktoba tulifanya kazi yenyewe. Kwanza nilirudisha ile rekodi ya mteja wa Rujewa kama ilivyokuwa, kisha nikahakikisha ya Tukuyu ipo peke yake na ina TIN na VRN sahihi, nikizilinganisha na nakala ya cheti cha mteja badala ya kumbukumbu ya mtu. Nusu ya makosa ya namna hii hurudi kwa sababu risiti ya marekebisho inatolewa kutoka kwenye rekodi ileile iliyoharibika. Tukatoa risiti mpya, bidhaa zilezile, idadi zilezile, bei zilezile, hata mpangilio uleule wa mistari. Kabla ya kuituma niliomba keshia anisomee TIN kwa sauti, tarakimu tatu tatu. Ilipotoka tuliskani kwa simu ya mama, si kwa kuangalia karatasi, na jina la Tukuyu likatokea.

Papo hapo tukakutana na jambo ambalo nilikuwa nalitegemea. Programu yetu hupunguza stoo kila risiti inapotoka. Kompyuta ikaonyesha saruji imepungua mifuko 400 mingine, nondo 200 nyingine na mabati 100 mengine. Tulirudisha idadi hizo kwa ingizo la marekebisho lenye maelezo na namba za risiti zote mbili. Usipofanya hivyo, mwisho wa mwezi utahesabu mifuko stoo, ukute mingi kuliko kompyuta inavyosema, na mtu atakayekuja baadaye kutafuta sababu hataipata.

Kisha tukaandaa hati ya marekebisho, ile ambayo wahasibu tunaiita kredit noti, kwa jina na TIN ya Rujewa, ikitaja namba ya risiti ya tarehe 27 Septemba, kiasi cha 14,000,000, kodi ya 2,520,000 na sababu. Hati hii haitoki kwenye mfumo wa risiti za kielektroniki. Unaiandaa mwenyewe, ina namba yake ya mfululizo kwenye vitabu vyako, na haina nguvu yoyote ikiwa peke yake. Nguvu yake inatoka kwenye ushahidi unaoizunguka na kwenye TRA kuitambua. Nimewaona wafanyabiashara wanaotoa kredit noti, wanapunguza kodi kwenye ritani, na kumwambia afisa miaka miwili baadaye. Wakati huo keshia ameshaondoka, dereva hakumbuki, na mteja hapokei simu.

Barua kwa meneja wa TRA wa mkoa niliiandika fupi. Mwili wake ulikuwa hivi:

"Tarehe 27 Septemba tuliuza na kukabidhi bidhaa zenye thamani ya shilingi 16,520,000 pamoja na kodi kwa kampuni ya Tukuyu. Kwa makosa, risiti iliyotolewa ilibeba jina na TIN ya kampuni ya Rujewa, ambayo haikununua wala kupokea bidhaa hizo. Tarehe 8 Oktoba tumetoa risiti sahihi kwa mnunuzi halisi. Mauzo haya yanaingizwa kwenye ritani ya Septemba kwa risiti ya kwanza. Tunaomba risiti ya kwanza itambuliwe kuwa imefutwa, na marekebisho ya shilingi 2,520,000 yafanyike kwenye ritani ya Oktoba ili mauzo hayo yasihesabiwe mara mbili."

Kwenye barua halisi yalikuwapo majina, TIN na namba za risiti zote. Sentensi ninayoijali kuliko zote ni ile inayosema mauzo yanaingizwa Septemba. Inamwonyesha afisa kwamba hatuombi kupunguziwa kodi. Ombi la kufuta risiti bila sentensi hiyo linafanana sana na ombi la mtu anayetaka kuficha mauzo, na afisa makini atalitendea hivyo.

Tuliambatanisha risiti zote mbili, hati ya marekebisho, oda ya manunuzi ya mkandarasi, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa na mtunza stoo wake kule Tukuyu ikiwa na namba ya gari, taarifa ya benki inayoonyesha fedha zilitoka akaunti ya nani, na barua ya Rujewa. Ile karatasi iliyochapishwa upya na keshia tulimwomba mkandarasi airudishe, tukaiambatanisha pia na maelezo ya ilivyotokea. Mama alisita hapo. Alihisi tunajichongea. Nikamwambia kwamba karatasi ile ikibaki kwenye faili la mtu mwingine ndiyo itakayotuchongea, kwa sababu siku itakapoonekana sisi hatutakuwapo kuieleza. Akakubali.

Afisa aliyepokea alisoma mpaka mwisho akiwa amesimama, akauliza swali moja: "Nani alipokea mzigo?" Nikamwonyesha hati ya kupokelea, saini na namba ya gari. Akailinganisha na oda, akagonga muhuri kwenye nakala yetu. Nafikiri swali lake lilikuwa sahihi kuliko maswali yote ambayo angeweza kuuliza. Majina yanaweza kubadilishwa kwenye karatasi, lakini mzigo ulikwenda mahali pamoja tu.

Ritani ya Septemba tuliwasilisha kabla ya tarehe 20, mauzo 62,000,000, na tukalipa 1,620,000 yetu bila kubadilisha kitu.

Majibu ya TRA tuliyapata mwanzoni mwa Novemba, marekebisho yamekubaliwa kwa mwezi wa Oktoba. Hata hivyo sikukimbilia kujaza ritani. Risiti iliyofutwa inaweza kushughulikiwa kwa namna mbili, na lazima ujue kwako imefanyika ipi. Namna ya kwanza ni ile tuliyoiomba: risiti ya kwanza inabaki kwenye jumla ya Septemba, na wewe unapunguza Oktoba. Namna ya pili ni risiti kuondolewa kabisa kwenye jumla ya mwezi wake. Hapo mauzo yanabaki kwenye risiti mpya ya Oktoba peke yake. Ukipunguza tena Oktoba kwa kredit noti utakuwa umefuta mara mbili, na mauzo halisi ya 14,000,000 yatakuwa hayaonekani popote kwenye Oktoba yako. Kujua si kugumu. Chukua jumla ya mauzo ya risiti ambayo mfumo wa TRA unaonyesha kwa kila mwezi, ilinganishe na jumla ya ripoti zako za Z za mwezi huohuo. Kwetu Septemba ilikuwa bado 62,000,000 pande zote mbili, na Oktoba 71,000,000 pande zote mbili. Hakuna kilichoondolewa. Kwa hiyo kupunguza ilikuwa ni kazi yetu.

Hii sasa ndiyo Oktoba niliyomwonyesha mama kwa kalamu, ingawa siku ile namba zilikuwa za kukadiria. Jumla ya ripoti za Z ilikuwa 71,000,000, ndani yake ikiwamo risiti mpya ya Tukuyu ya 14,000,000. Kodi ya mauzo kwa jumla hiyo ni 12,780,000. Tukaondoa 2,520,000 ya hati ya marekebisho, ikabaki 10,260,000. Piga hesabu kwa njia nyingine uone kama inakubali: 71,000,000 ukitoa 14,000,000 ni 57,000,000, ambayo ndiyo mauzo yetu halisi ya Oktoba, na asilimia 18 yake ni 10,260,000. Manunuzi yalikuwa 49,000,000, kodi yake 8,820,000. Tukalipa 1,440,000. Bila marekebisho tungelipa 3,960,000.

Mkandarasi wa Tukuyu aliidai 2,520,000 yake kwenye ritani yake ya Oktoba kwa risiti ya tarehe 8. Nilimwomba mhasibu wake abandike nyuma ya risiti nakala ya hati ya kupokelea mzigo na ya barua yetu, kwa sababu mtu atakayekagua ataona mzigo ulipokelewa Septemba na risiti ni ya Oktoba, na tofauti hiyo inahitaji maelezo ambayo tayari yapo.

Wenzangu huniuliza kama kila kosa la jina linastahili safari yote hii. Kwa maoni yangu halistahili. TIN ikiwa sahihi na jina likawa limekosewa herufi moja, kinachomtambulisha mnunuzi ni TIN, na mimi siandiki barua kwa ajili ya herufi. Mnunuzi asiyesajiliwa VAT, aliyenunua bati tano za nyumbani kwake, hana kodi ya kudai. Safari hii ni kwa ajili ya TIN ya mtu mmoja iliyokaa kwenye mauzo ya mwingine, hasa wote wawili wakiwa na VRN. Hapo hakuna njia ya mkato ambayo haimwachii mtu mwingine mzigo.

Dukani tulibadilisha jambo moja. Keshia haandiki tena herufi za jina. Anaomba TIN kutoka kwenye oda ya mteja, anaitafuta kwa namba, na mteja au dereva anasoma jina kwenye skrini kabla risiti haijafungwa. Ruhusa ya kubadilisha rekodi za wateja tumemwondolea, ninayo mimi na mama. Hakuchukia, tena yeye ndiye aliyeomba.

Mwezi Januari nilipokuwa nafunga hesabu za mwaka, risiti ile ilirudi tena kama nilivyojua itarudi. Jumla ya ripoti za Z za mwaka mzima ilizidi mauzo ya vitabu kwa 14,000,000 kamili. Asiyekumbuka kisa angeweza kuongeza kiasi hicho kwenye mauzo ili namba zilingane na kumlipisha mama kodi ya mapato kwa fedha ambazo hazikuwahi kuingia. Kwenye karatasi ya ulinganisho niliandika mstari mmoja, "Risiti ya 27 Septemba, imefutwa, angalia barua ya 8 Oktoba na majibu ya TRA," na bahasha yenye karatasi zote nikaiweka kwenye kabati la kumbukumbu zinazotunzwa miaka mitano.